Nilimshukuru mmoja, 13 wakanuna

Hujambo Mama?

Ninasimamia dobi moja huku Eneo la Viwanda, Nairobi. Tunafua mashuka na taulo za hoteli na nyumba za wageni. Chini yangu kuna watu 14: wawili wa kuchambua nguo, watatu wa mashine, sita wa pasi, wawili wa kukunja na kufunga, na dereva. Mwenye kampuni aliniambia waziwazi kwamba pesa za zawadi hazipo, ila watu watiwe moyo.

Nikaanzisha Mfanyakazi Bora wa Mwezi, picha nikaitia kwenye fremu karibu na mlango. Wa kwanza alikuwa dada wa pasi. Wa pili pia dada wa pasi, na kwa bahati mbaya anatoka kwetu. Mwezi wa tatu nilikuta picha imegeuzwa, uso umetazama ukuta.

Halafu jioni moja stima ilipotea mashine zikiwa zimejaa. Kijana wa mashine akabaki mpaka saa tatu usiku kuokoa mzigo wa hoteli. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Asante sana kaka. Ningekuwa na watu watano kama wewe, kampuni hii ingekuwa mbali." Wawili wakajibu "sawa bosi", wengine kimya. Wiki iliyofuata kijana mwenyewe alinijia akaniomba nisimsifu tena, kwa sababu siku hizi anakula chakula cha mchana peke yake.

Tangu hapo simshukuru mtu. Lakini kazi nzuri naiona kila siku, na kunyamaza nako kunanisumbua. Nishukuru vipi ili niaminike, na nisionekane nina watu wangu?

Msimamizi, Nairobi

*

Sijambo, mwanangu. Tuanze na huyo kijana, maana anayekula peke yake hawezi kungoja nimalize maelezo.

Usome tena ujumbe wako, lakini safari hii wewe ndiwe dada wa kuchambua nguo. Ni saa nne usiku, uko kitandani Mukuru, miguu inakuuma, simu inalia. "Ningekuwa na watu watano kama wewe." Kumbe hana. Anaye mmoja, na huyo mmoja si mimi. Ulidhani unamshukuru kaka wa mashine, lakini kwa macho ya dada huyu ulikuwa unawahesabu waliobaki na kuona hawatoshi. Nusu ya ujumbe ilikuwa shukrani. Nusu ya pili ilikuwa lawama kwa watu 13, tena umeiandika na kuiacha pale kila mtu airudie kuisoma akipenda. Hata malaika angekula peke yake baada ya sifa kama hiyo.

Kisha kuna mzigo wenyewe. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha nguo cha hoteli moja hapa mjini, na mashine iliyokatikiwa stima katikati ya kufua ninaijua. Maji yamebaki ndani, mlango umejifunga, nguo hazijakamuliwa. Kilo 25 za mashuka makavu, ukizitoa hapo na maji yake, zinapita kilo 50. Mtu mmoja hawezi kuyatoa mashuka hayo gizani, kuyasuuza na kuyatandaza yasilale yakavunda, yote hayo kabla ya saa tatu. Yuko aliyemulika kwa simu. Yuko aliyeshika upande wa pili wa toroli. Pengine ni mlinzi wa langoni. Pengine ni dada aliyekaa nusu saa akisaidia, kisha akakimbilia matatu kwa sababu ana mtoto mchanga. Kama walikuwepo, basi wote walisoma kwenye simu zao kwamba kazi ile ilifanywa na mtu mmoja.

Kwa hiyo kesho usimwendee kijana na pole. Mwendee na swali: "Usiku ule wa stima, nani mwingine alikuwepo, na alifanya nini?" Mtu wa kazi hulijibu swali hilo kwa moyo mweupe, kwa sababu linamrudishia wenzake. Ukishapata habari yote, mwombe ruhusa uisimulie mbele ya watu, maana naye yumo. Akikataa, usimlazimishe, wafuate wale wengine mmoja mmoja, kila mtu mahali pake pa kazi, umwambie ulichosikia. Akikubali, isimulie zamu zinapopokezana, watu wakiwa wamesimama, dakika mbili tu. Mimi ningesema hivi, kwa kukisia waliokuwepo:

"Usiku ule stima ilipopotea nilimtaja mtu mmoja, nikakosea. Kaka wa mashine ndiye aliyefungua bomba la kutolea maji na kubaki mpaka mwisho. Mlinzi alimulika muda wote. Dada wawili wa kukunja walisaidia kutoa mashuka kabla ya kwenda kupanda gari. Asubuhi hoteli ilipata mzigo wake. Na yale maneno ya watu watano niliyaandika kwa haraka, hayakuwa haki kwenu."

Halafu watu waende kazini. Usiongeze hotuba wala mawaidha. Neno la mwisho, lile la kukiri, ndilo litakalomrudishia kijana meza ya chakula, kwa sababu umeitoa kwake lawama ambayo hakuitafuta.

Na kabla sijamwacha kijana huyu: zile saa alilipwa? Hukuandika, ndiyo maana nauliza. Kwa amri ya jumla ya mishahara hapa Kenya, muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida siku za kazi, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Kama hakulipwa, hakuna maneno utakayopanga yakasikika kuwa ya kweli, si kwake wala kwa wanaomtazama. Wataona asante imetumwa ikae mahali pa malipo. Mweleze hivyo mwenye kampuni. Aliposema pesa za zawadi hazipo, malipo ya saa za ziada hayakuwamo, kwa sababu hayo ni deni.

Kosa hilo lina ndugu zake. Nimewaona wasimamizi wakitangaza kwa tabasamu, "Kwa vile umejitahidi, Jumapili hii nimekupa upumzike." Siku moja ya mapumziko katika kila siku 7 iko katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka iko katika kifungu cha 28. Ukimpa mtu kilicho chake ukakiita zawadi, yeye ananuna na wengine wanaanza kuogopa kwamba haki zao nazo zinategemea kukupendeza. Watu wengi huanza kujikomba hapo, na halafu msimamizi analalamika kwamba ana wafanyakazi wanafiki.

Sasa hilo la kuwa na watu wako. Mimi nadhani huna watu wako, ila una dirisha. Niambie kama nakosea: dirisha la ofisi yako linatazama meza za pasi, na chumba cha kuchambua kiko nyuma, karibu na mlango wa kupokelea mizigo, mahali penye harufu. Wateule wako wawili wote wametoka kwenye pasi. Pasi ni kazi inayoonekana na kuhesabika. Ukikaa kitini unaona rundo likipanda. Kazi ya kuchambua, ikifanywa vizuri, haionyeshi kitu. Kalamu iliyotolewa mfukoni mwa koti la mhudumu haikuchafua mashuka 40. Taulo yenye damu ilitiwa maji baridi kwanza, kwa hiyo maji moto hayakuligandisha doa. Hakuna ajali, hakuna simu ya hoteli, na wewe hujui kama kulikuwa na lolote la kushukuriwa.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Tulikuwa na mama wa kushona, alikuwa akipindua mashuka yaliyochakaa katikati, anayakata, anaunganisha kingo, yanaishi mwaka mwingine. Siku ya kumuaga nilisimama nikamsifu sana. Aliposhika zamu ya kusema alinitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa ukija chumbani kwangu taa ikiungua." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Baada ya hapo nilinunua daftari la mistari, na ndilo ninalotaka ununue. Andika majina yote 14 upande wa kushoto, moja kwa kila mstari. Kila unapomshukuru mtu, jioni yake andika mbele ya jina lake tarehe, tendo kwa maneno matatu au manne, na kama ulisema kando au hadharani. Usimwonyeshe mtu daftari hilo. Usibadilishe chochote kwa wiki 4, shukuru unavyoshukuru siku zote. Kama umenyamaza, anza tena kidogokidogo, kando, bila simu. Mwisho wa wiki ya 4 lisome. Mimi nilikuwa na watu 11, na katika wiki 4 nilikuta asante 23. Kati ya hizo 15 ziliwaangukia watu watatu, na wote watatu walikuwa hatua chache kutoka mezani pangu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mimi ni mtu wa haki.

Ukikuta jina halina kitu mbele yake, kishawishi kitakuwa kumwendea yule mtu na kumpa asante ya kujaza pengo. Usifanye hivyo. Atajua, kwa sababu haitakuwa na tendo ndani yake. Itakuwa "kazi nzuri, endelea hivyo hivyo", na maneno hayo unaweza kumwambia hata mtu aliyekuwa amelala. Pengo kwenye daftari linakuonyesha mahali pa kwenda kusimama. Chukua dakika 15, mara mbili kwa wiki, mzigo wa asubuhi unapofunguliwa, usimame penye meza ya kuchambua. Usiende na makaratasi ya ukaguzi. Kama mikono yako haina la kufanya, vaa glavu ufungue magunia nao. Siku ya kwanza watakuwa na wasiwasi, watafikiri kuna kilichopotea. Siku ya tatu wataendelea na mazungumzo yao, na hapo utaanza kuona.

Ukishaona, sema hivi: "Jana uliziona zile taulo zenye damu kwenye rundo la maji moto ukazitoa ukaziloweka kwenye maji baridi. Zimetoka nyeupe, hoteli haijarudisha hata moja." Basi. Umetaja alichofanya na kilichotokea kwa sababu yake, na umekisema mezani pake, kwa sauti ya kawaida, siku hiyo au ya pili yake. Ukingoja mwisho wa mwezi, ameshasahau taulo zenyewe na anaanza kujiuliza unataka nini. Na kweli usitake kitu. Asante inayofuatwa na "kwa hivyo Jumamosi utaweza kuja?" ni ombi lililotanguliwa na sukari, na ukifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu mtu akisikia asante anaanza kutafuta udhuru.

Utajuaje kama imeingia? Sikiliza anachojibu. Akisema "sawa bosi", imegonga ukuta, kama ile ya WhatsApp. Akisema "aah, ni kawaida", kisha akaanza kukueleza alivyozitambua zile taulo, kwamba za hoteli fulani huja zimekunjwa kuficha madoa, basi imeingia, na tena umepata habari za kazi ambazo kitini usingezipata. Dalili mbaya ni watu kuanza kukuletea matendo yao wenyewe: "Bosi, jana nilisafisha kichujio, uliona?" Wakianza hivyo, wamejifunza kwamba kwako kinachohesabika ni kuonekana. Hapo punguza hadharani, ongeza kutembea.

Watu huuliza kama daftari lina maana ya kusawazisha, kila mtu apate asante mbili kwa mwezi. Hapana. Wako watakaopata tano na wako watakaopata moja, na hiyo si dhuluma, mradi mtu akikuuliza "mbona fulani", unaweza kutaja tendo na tarehe bila kukohoa. Anayechelewa na kuacha pasi juu ya foronya mpaka ikaungua, usimtafutie sifa ya huruma. Wenzake waliofua tena ile foronya wanakusikia. Lakini jina likikaa miezi miwili tupu, jilaumu wewe kwanza. Mara nyingi mtu huyo yuko zamu usiyoifika.

Hadharani paachie kazi ya wengi. Mzigo wa mkutano mkubwa umetoka kwa wakati, mwezi umepita bila nguo kurudishwa: sema mbele ya wote, na utaje kila kituo kilifanya nini, kuanzia lango la kupokea hadi dereva, kwa mpangilio ambao nguo zenyewe hupita. Ukifuata njia ya nguo humsahau mtu. Ya mtu binafsi yaseme kando, isipokuwa mwenyewe amekubali. Kuna watu sifa za mbele ya watu huwafanya watamani ardhi ipasuke, na kuna wengine wanaogopa kijicho, na si ujinga kuogopa.

Na ukisema, sema kwa Kiswahili, kila mtu, kila mara. Huyo dada wa kwenu hakuna ubaya kumshukuru, lakini ukimshukuru kwa lugha ya nyumbani mbele ya watu wa makabila matano, hawatasikia ulichomshukuru. Watasikia lugha tu. Nairobi yetu unaijua. Kifungu cha 5 cha ile Sheria ya Ajira kinakataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila au lugha yake. Siku utakapompandisha dada huyo cheo kwa haki kabisa, watu watakumbuka ni nani mlikuwa mkicheka naye kwa lugha gani penye meza ya pasi.

Picha ya ukutani iondoe. Fanya hesabu mwenyewe: watu 14, miezi 12. Hata kama wote ni sawa na hakuna anayerudia, mwaka utaisha na wawili hawajaonekana. Ukiwapa kwa zamu ili kila mtu apate, wataijua zamu kabla yako na picha itakuwa kama kitambulisho. Ukimpa aliye bora kweli, itabaki kwa watu wawili watatu. Hakuna njia ya kuipanga ikawa nzuri. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa madobi ya kampuni moja huko Marekani. Tawi moja lilianzisha tuzo ya wasiochelewa wala kukosa kazi. Waliokuwa na tabia ya kuchelewa wakajifunza kuucheza mchezo, wakawahi wakati wanaiwania tuzo na kurudia tabia yao wakishaikosa. La kunihuzunisha zaidi ni wale waliokuwa wakifika mapema siku zote bila kuahidiwa kitu: kasi yao ya kazi ilishuka. Tuzo iliwatangazia kwamba kile walichokuwa wakikifanya bure ni cha kushindaniwa, na kwamba anayekifanya kwa mwezi mmoja ni sawa na wao.

Usiitoe usiku kimyakimya, watasema aliyeigeuza ameshinda. Itoe mchana na useme, "Niliweka hii kwa nia njema, nimeona haifai kwa kazi tunayoifanya kwa pamoja." Wale dada wawili waambie kabla, kando, uwatajie walichofanya hasa, wasije wakadhani umewavua cheo. Aliyegeuza picha usimtafute.

Sasa, baada ya maneno, kuna vitu. Huna pesa, lakini mkononi mwako kuna vitu watu wanavitaka kuliko kikombe chenye nembo ya kampuni. Zamu ya asubuhi, ili mtu asitembee kwenda nyumbani saa nne usiku. Likizo ya Desemba. Hapa ndipo wasimamizi wema huharibu kila kitu, kwa sababu huvitumia kushukuru: umejitahidi, chukua asubuhi wiki ijayo. Lakini zamu ya asubuhi ukimpa mmoja umemnyima mwingine, naye aliyenyimwa ndiye atakayetembea gizani. Maneno hayapungui ukimpa mtu, kwa hiyo yaende kwa tendo. Kinachopungua kiende kwa foleni.

Foleni yenyewe si kazi. Piga kura ya vikaratasi siku moja, kwa kila kituo peke yake, mbele yao. Wa kwanza kwenye orodha anachagua zamu yake ya wiki, kisha jina lake linashuka chini kabisa, wa pili anakuwa wa kwanza. Watakaotaka kubadilishana wabadilishane wenyewe na waandike. Kwa Desemba, aliyefanya kazi Krismasi iliyopita achague kwanza mwaka huu. Hoteli zenu nazo ndio msimu wao, kwa hiyo amua na mwenye kampuni mapema ni wangapi wanaoweza kutoka kwa wakati mmoja, utangaze idadi hiyo mwezi wa Septemba, si tarehe 15 Desemba. Mwenye mgonjwa au msiba umhurumie nje ya foleni, na uwaambie wote kwamba msiba haungoji foleni. Sijaona mtu akibisha hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipungui na ambacho kina thamani kuliko vyote, nacho ni barua. Sheria ya Ajira, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha huduma, kama amefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi: jina, tarehe ya kuanza na kuacha, kazi aliyofanya na mahali. Hakuna sifa ndani yake, na kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa barua ya kusifu tabia wala utendaji. Kwa hiyo hiyo ya pili ukiitoa ni zawadi halisi. Tena usingoje mtu aache kazi. Mwombe mwenye kampuni akuruhusu kutumia karatasi yenye nembo, kisha mtangazie kila mtu aliyemaliza mwaka kwamba anaweza kuomba yake.

Andika ulichokiona tu, na hapo daftari litakulipa. "Amechambua nguo za hoteli kwa miaka 3. Anatambua madoa ya damu, mafuta na wino kwa macho na anajua lipi linaanzia maji baridi. Nilimwachia mzigo wa kwanza wa asubuhi bila kumsimamia." Mtu mwingine atapata sentensi tofauti, pengine fupi zaidi, na hatalalamika kwa sababu ni zake na anazijua kuwa kweli. Nimeona barua kama hiyo imetiwa kwenye karatasi ya nailoni na kuhifadhiwa pamoja na vyeti vya watoto. Usiandike "mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii". Waajiri wa mji huu wameyasoma maneno hayo mara elfu, na yule dada ataona umeyatoa kwenye barua ya mtu mwingine ukabadilisha jina.

Mwenye kampuni naye umpe kazi ndogo. Mara moja kwa mwezi msomee mambo mawili kutoka kwenye daftari, moja likiwa la chumba cha nyuma, umwombe ashuke aende kwa mhusika mwenyewe aulize, "Nimesikia habari ya zile taulo, ulijuaje?" Akiwa hana nafasi ya kushuka, usimtungie salamu ambazo hakuzituma.

Na hiyo fremu usiitupe. Tia ndani yake orodha ya foleni ya zamu, uiandike kwa herufi kubwa, uirudishe pale pale karibu na mlango.